Frati au Naili: uchague mto upi kueleza mji wa kwanza, mfalme na kuhani

Mwalimu wa historia, mwanafunzi anayeandaa insha, au msomaji anayetaka tu kuelewa jambo hili vizuri, karibu kila mara huanza na orodha ileile: Mesopotamia, Misri, Bonde la Indus, China. Halafu inafuata sentensi moja ya jumla kwamba mito ilileta rutuba, rutuba ikaleta chakula cha ziada, chakula kikaleta miji, wafalme na makuhani. Sentensi hiyo haimsaidii mtu. Mito hiyo haikufanana, maji yake hayakuja wakati mmoja, na watu walioyasimamia hawakuwa na mamlaka ya aina moja. Ni afadhali kuchagua mto mmoja na kuufuata hadi mwisho.

Hapa naweka mbele yako miwili: Frati na mwenzake Tigri kusini mwa Iraki ya leo, nchi iliyoitwa Sumeri, na Naili ya Misri. Indus nimeiacha kwa sababu moja kubwa. Maandishi yake hayajasomwa hadi leo, na katika magofu ya Mohenjo-daro hakuna jengo ambalo wataalamu wanakubaliana kuwa ni ikulu au hekalu kuu. Swali letu linahusu watawala na makuhani, na kwa Indus tungebaki kukisia.

Maji yanakuja lini?

Anzia hapa, maana tofauti nyingine nyingi zinatokana na kalenda ya mafuriko.

Naili ya Misri ilikuwa ikifurika kwa mvua za kiangazi za nyanda za juu za Ethiopia. Maji ya Ziwa Viktoria, yanayotoka Jinja na kupita Uganda na Sudan Kusini, huufanya mto uendelee kutiririka mwaka mzima, lakini si yenyewe yaliyoleta mafuriko. Mafuriko pamoja na tope lake jeusi yaliletwa na Naili ya Buluu na mto Atbara. Zamani, kabla ya mabwawa, maji yalianza kupanda Misri mwezi Julai, yakafikia kilele Aswani mwanzoni mwa Septemba, kisha yakashuka Oktoba na Novemba. Mkulima alipanda kwenye tope bichi Novemba, baridi ikaikuza ngano na shayiri, na Aprili akavuna. Mto ulifika mavuno yakiwa tayari yameshatolewa shambani, ukaondoka wakati wa kupanda. Wamisri waliugawa mwaka wao kwa mpangilio huohuo: msimu wa mafuriko, msimu wa kuchipua, msimu wa mavuno, kila mmoja miezi minne.

Frati na Tigri hujazwa na theluji inayoyeyuka katika milima ya Uturuki na mvua za majira ya kuchipua. Maji hupanda hadi kilele Aprili na Mei, wakati uleule shayiri imekomaa shambani. Mafuriko hayo hayamsaidii mkulima, yanamtishia. Na anapohitaji maji ya kupandia, Oktoba na Novemba, mito iko chini kabisa. Mvua ya kusini mwa Iraki haifiki hata milimita 200 kwa mwaka katika maeneo mengi, haitoshi kukuza nafaka. Kwa hiyo Msumeri alikuwa na kazi mbili zinazopingana: kuyazuia maji yasiingie shambani Aprili, na kuyavuta yaingie Novemba.

Kazi ya mikono

Kwa anayefahamu majaruba ya mpunga, umwagiliaji wa Misri si mgeni: ni majaruba, ila makubwa mno. Wakulima walijenga matuta ya udongo kukata bonde vipande vipande. Mto ulipopanda walifungua mdomo wa mfereji, maji yakaingia na kutuama kwa wiki sita hivi, tope likazama, ardhi ikalowa hadi chini. Kisha wakayatoa kwenda jaruba lililo chini zaidi au kurudi mtoni. Mbegu zilimwagwa juu ya tope, na mara nyingine mifugo ikapitishwa ili izikanyage zizame. Baada ya hapo shamba halikuhitaji maji mengine hadi mavuno. Kazi hii iliwezekana kwa wilaya moja bila kumngoja mtu wa mji mkuu, na kweli katika Misri ya kale hatuoni idara ya kitaifa ya umwagiliaji. Matuta yalisimamiwa na wakuu wa mahali.

Sumeri ilikuwa na faida moja ya asili. Frati ilibeba udongo mwingi na kuuacha kingoni, mpaka mto wenyewe ukawa unapita juu kidogo kuliko tambarare inayouzunguka. Ukitoboa ukingo, maji yanateremka yenyewe hadi shambani. Lakini udongo huohuo unajaza mfereji, na mfereji usiposafishwa kila mwaka unakufa. Shamba la shayiri nalo lilitaka maji zaidi ya mara moja kwa msimu, hivyo lazima wakulima wapangiane zamu.

Kazi hiyo ilikuwa kubwa kiasi gani? Tunaweza kuikadiria. Makarani wa Ur, mji mmoja wa Sumeri, karibu mwaka 2050 KK, walimhesabia mchimbaji kiasi cha mita 3 za ujazo za udongo kwa siku. Chukua mfereji wa mfano wenye urefu wa kilomita 1 na upana wa mita 2, uliojaa tope la nusu mita. Hizo ni mita 1,000 za ujazo, yaani kazi ya siku 333 za mtu mmoja. Watu 33 wanaimaliza kwa siku 10 hivi. Hiyo ni kazi ya ukoo au kijiji, haihitaji mfalme. Kinachohitaji mtu mwenye mamlaka ni swali jingine: nani atoe hao watu 33, nani awalishe kwa siku hizo 10, na nani apate maji ya kwanza mfereji ukishafunguka.

Ndiyo maana sheria za Babeli zinazungumza sana juu ya uzembe wa jirani. Katika sheria za Hammurabi, aliyetawala kati ya 1792 na 1750 KK, mtu asiyeimarisha tuta lake, likapasuka na maji yakaharibu mashamba ya wenzake, analipa nafaka iliyopotea. Akishindwa kulipa, anauzwa yeye na mali yake, na waliopata hasara wanagawana fedha. Ukali huo unakuonyesha jinsi maisha ya jirani yalivyotegemea koleo la mwenzake.

Chumvi

Hapa tofauti ni kubwa, na ndipo kosa la kuiga mto mmoja kwa kuangalia mwingine linapoonekana.

Maji ya mto yana chumvi kidogo. Ukimwagilia tambarare isiyo na mteremko wa kutosha kuyatoa, maji ya chini ya ardhi yanapanda, jua linayavuta juu, na chumvi inabaki kwenye udongo. Dalili yake ni ukoko mweupe juu ya shamba na mimea inayokauka ingawa ardhi ina unyevu. Sumeri ilikuwa na hali hiyo hasa: tambarare, jua kali, maji yasiyo na pa kutokea. Wakulima waliliacha shamba lipumzike mwaka mmoja kati ya miwili ili maji ya chini yashuke, na walitegemea shayiri zaidi, kwa kuwa inavumilia chumvi kuliko ngano. Mwaka 1958 wataalamu Thorkild Jacobsen na Robert Adams walitoa hoja kwamba chumvi ndiyo iliyoidhoofisha Sumeri, wakionyesha jinsi ngano ilivyopungua hadi karibu kutoweka kufikia 1700 KK. Wengine baadaye walipinga ukubwa wa jambo hilo, wakisema mapumziko ya shamba yalitosha kulikabili. Kwa maoni yangu chumvi ilikuwa mzigo wa kudumu. Kuifanya sababu pekee ya anguko ni kwenda mbali mno.

Misri iliponywa na mafuriko yake. Kila mwaka maji mengi yalitanda shambani, yakaiyeyusha chumvi na kuondoka nayo. Ardhi ileile ilipandwa kwa maelfu ya miaka. Ushahidi mzuri umekuja karne yetu iliyopita: Bwawa Kuu la Aswani lilipokamilika mwaka 1970 na mafuriko yakakoma, Misri ililazimika kuchimba mitaro ya kutolea maji ili kupambana na chumvi, tatizo ambalo Msumeri angelitambua mara moja.

Mji na hekalu

Uruk, kusini mwa Sumeri, ndio mji wa kwanza mkubwa tunaoujua vizuri. Karibu mwaka 3100 KK ulikuwa umeenea kiasi cha hekta 250, na makadirio ya watu wake ni makumi ya maelfu. Kwa nini pale? Kulikuwa na mashamba ya mfereji, mabwawa ya samaki, matete ya kujengea, malisho ya kondoo, na njia za maji zilizobeba nafaka kwa mashua. Kulikosekana mbao nzuri, mawe na shaba, kwa hiyo biashara ya mbali ilikuwa lazima, na biashara inataka ghala na mtu wa kuhesabu. Katikati ya mji lilisimama eneo la Eanna, hekalu la mungu wa kike Inanna, na humo yalipatikana mabamba ya udongo yenye maandishi ya kale kuliko yote tunayoyajua. Yaliyo mengi kabisa ni hesabu: shayiri, kondoo, bia, wafanyakazi na posho zao.

Mungu wa Sumeri alikuwa mwenye shamba. Mji uliaminiwa kuwa mali yake, hekalu likiwa nyumba yake, pamoja na ng'ombe wa kulima, makarani, wavuvi na wasusi. Kuhani mkuu au msimamizi wa hekalu alifanya kazi ambayo leo tungempa meneja wa shamba kubwa: kugawa mbegu, kutuma watu kusafisha mfereji, kupima posho ya shayiri. Si kwamba dini ilikuwa kisingizio. Kwao kulilisha hekalu na kulisha mji lilikuwa tendo moja.

Misri haikukusanya watu hivyo. Bonde la Naili ni jembamba, maji yanafika kila mahali kwa njia ileile, na mkulima wa kusini hana haja ya kuhamia kando ya mdomo wa mfereji fulani. Miji ilikuwepo, Nekheni na baadaye Memfisi, lakini nguvu ilienea kwa urefu wa mto. Upepo huvuma kutoka kaskazini na mkondo huenda kaskazini, kwa hiyo mashua hupanda kwa tanga na kushuka kwa maji. Aliyeushika mto aliweza kukusanya nafaka kutoka Aswani hadi delta, na karibu mwaka 3100 KK nchi yote ilikuwa chini ya mfalme mmoja. Sumeri wakati huo, na kwa karne nyingi baadaye, ilibaki kuwa miji mingi, kila mmoja na mungu wake, mfereji wake na ukuta wake.

Kisa cha Lagashi na Uma

Ukitaka kuona maji, mungu na mtawala ndani ya hati moja, usome ugomvi wa miji miwili ya Sumeri. Uma ilikuwa juu ya mkondo, Lagashi chini yake. Kati yao kulikuwa na uwanda wenye rutuba ulioitwa Guedena. Karibu mwaka 2400 KK, Enmetena, mtawala wa Lagashi, aliandikisha historia ya ugomvi huo kwenye koni ya udongo, na tunaweza kuifuata hatua kwa hatua, tukikumbuka kwamba ni maelezo ya upande mmoja.

Hati inaanza na miungu. Enlil, mungu mkuu, ndiye aliyepima mpaka kati ya Ningirsu, mungu wa Lagashi, na Shara, mungu wa Uma. Kisha Mesilim, mfalme wa Kishi, akauthibitisha kwa kusimamisha jiwe. Mtawala wa Uma akalivunja jiwe na kuingia uwandani. Eanatumu wa Lagashi akapigana, akashinda, akachimba mfereji wa mpaka na kuwaachia watu wa Uma walime sehemu ya ardhi kwa sharti la kulipa shayiri. Malipo hayakufika, riba ikapanda hadi kiwango kisichoweza kulipika. Urluma wa Uma, badala ya kulipa, akageuza maji ya mfereji wa mpaka, akayachoma moto mawe ya mpaka na kubomoa vibanda vya ibada vilivyokuwa hapo. Alishindwa vitani na kuuawa.

Aliyeshika utawala wa Uma baada yake aliitwa Il, na kabla ya hapo alikuwa msimamizi wa hekalu katika mji wa Zabalamu. Hapo ndipo unapoona jinsi mlango kati ya hekalu na kiti cha utawala ulivyokuwa wazi. Il naye akageuza maji. Enmetena akachagua suluhisho la mhandisi: akachimba mfereji kutoka Tigri, ili Lagashi ipate maji yasiyopita mikononi mwa Uma.

Angalia kilichotokea katika kisa hiki. Silaha ya aliye juu ya mkondo ni kuyageuza maji. Ya aliye chini ni jeshi, na jeshi linataka kiongozi wa kudumu, si wa msimu mmoja. Kila vita vilimwongezea mtawala uwezo wa kuagiza watu, na uwezo huo ukarudi kwenye mifereji mikubwa ambayo kijiji kisingeweza kuichimba. Miaka kama hamsini baadaye Urukagina, mtawala wa Lagashi, karibu 2350 KK, anaandika akilalamika kwamba kabla yake ng'ombe wa miungu walikuwa wakilima mashamba ya vitunguu ya mtawala, na mashamba bora ya miungu yalikuwa yamegeuzwa kuwa bustani zake. Anasema ameyarudisha kwa Ningirsu. Muda si mrefu Lugalzagesi wa Uma akauteketeza mji wake.

Mfalme wa Misri na vipimo vya mto

Huko Naili hapakuwa na ugomvi wa namna hiyo wa zamu za maji, maana mafuriko yanapokuja yanawatosha wa juu na wa chini, na yanapokosekana yanawakosa wote. Nguvu ya serikali ilikuwa katika kujua na kuhesabu. Jiwe linaloitwa la Palermo, kipande cha kumbukumbu za kifalme, linaandika kwa kila mwaka kimo cha mafuriko kwa dhiraa, viganja na vidole. Kimo cha mto kinatabiri mavuno, na mavuno ndiyo kodi. Anayesoma kipimo Septemba anajua Aprili atadai nini.

Rungu la sherehe la mfalme aitwaye Nge, kutoka Nekheni, linamwonyesha akiwa ameshika jembe kando ya maji, pengine akifungua mfereji. Picha hiyo hutumiwa mno kama uthibitisho kwamba ufalme ulizaliwa na umwagiliaji. Mimi naiona kama picha ya ibada: mfalme anajitwalia heshima ya kazi ambayo tayari wengine wanaifanya.

Kuhani wa Misri kwa nadharia alikuwa kaimu wa mfalme. Kwenye kuta za mahekalu ni mfalme anayemtolea mungu sadaka, na wengi wa makuhani walitumikia kwa zamu kisha wakarudi kwenye shughuli zao. Hekalu lilikua kwa kupewa ardhi na mfalme, na baada ya karne nyingi likawa tajiri kiasi cha kumtisha. Karibu mwaka 1080 KK, Herihor, kuhani mkuu wa mungu Amuni kule Thebe, alijiandikia majina ya kifalme.

Makuhani walijua pia kuutumia mto katika madai yao. Kwenye kisiwa cha Sehel, karibu na Aswani, kuna jiwe linalosimulia kwamba mfalme Djoser alipatwa na miaka 7 ya mafuriko haba, akaota ndoto ya Khnumu, mungu wa eneo hilo, na kumpa hekalu lake ardhi ya kando zote mbili za mto. Maandishi hayo yalichongwa zaidi ya miaka 2,000 baada ya Djoser, wakati wafalme wa Kigiriki walipotawala Misri. Makuhani wa Khnumu walikuwa wanatetea haki yao ya ardhi, na hoja waliyoona ina nguvu ni kwamba mungu wao ndiye anayefungua mafuriko.

Basi uchague upi?

Kabla ya kuchagua, jihadhari na mtego mmoja. Mwaka 1957 mtaalamu Karl Wittfogel alidai kwamba umwagiliaji mkubwa huzaa dola ya kimabavu, kwa sababu ni dola pekee inayoweza kuusimamia. Tafiti za uso wa ardhi alizofanya Adams kusini mwa Iraki zilionyesha mpangilio tofauti: katika kipindi cha miji ya kwanza mifereji ilikuwa mifupi, ikifuata mikono ya asili ya mto, na mifereji mirefu ilikuja wafalme wakiwa tayari wapo. Misri nayo iliungana bila mtandao wa kitaifa wa maji. Na Tell Brak, kaskazini mashariki mwa Siria, ulikuwa umeshakuwa mji mkubwa kabla ya mwaka 3000 KK katika eneo ambalo nafaka ilikua kwa mvua. Mto mkubwa na mfereji vilisaidia sana, lakini havikuwa sharti pekee.

Ikiwa swali lako linahusu mji wenyewe, au namna kuhani alivyokuwa mgawaji wa chakula na kazi, chukua Frati. Hesabu za Eanna na ugomvi wa Lagashi na Uma vinakupa watu, mashamba na madeni yenye majina. Ni mfano mgumu kidogo kufundisha, kwa kuwa majina ni mageni na miji ni mingi, lakini ndio unaoonyesha sababu zikifanya kazi.

Ikiwa swali ni jinsi mtu mmoja alivyoweza kutawala nchi ndefu na kuitoza kodi, au jinsi imani juu ya mto ilivyomweka mfalme karibu na miungu, chukua Naili. Usiitumie tu kueleza kwamba ufalme ulitokana na kuchimba mifereji, maana hapo ushahidi utakugeuka.

Ukiwa na nafasi ya mfano mmoja pekee na kichwa kinataja vyote, miji, watawala na makuhani, mimi nachagua Frati, kisha natoa aya moja kwa Naili ili msomaji aone kwamba mto mwingine wenye kalenda nyingine ulitoa mfalme wa aina nyingine.